Tembo Walipogeuka Mabwana wa Kipolandi

Asubuhi ile tembo wetu walipogeuka mabwana wa Kipolandi, nilijua kazi hii haitakwenda kwa amani.

Tulikuwa tumeketi kwenye meza ya jikoni, nje kidogo ya mji wa Nyeri, mimi na mama mmoja wa Kirusi ambaye ameishi huku tangu alipoolewa. Mumewe ni daktari wa mifugo aliyestaafu. Alikwenda kusoma kule kwao akiwa kijana, akarudi na shahada, koti zito lisilo na kazi huku, na mke. Majirani wote wanamwita cucu, yaani nyanya, hata wale waliomzidi umri. Kiswahili chake alijifunza sokoni, kwa wauza viazi, kwa hiyo kina lafudhi ya Kirusi chini na lafudhi ya Gikuyu juu. Anasema "kitabu yetu" na "niko na swali", l yake mara nyingine hugeuka r, na akishangaa husema "haiya!" hata katikati ya sala.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Nilisomea ualimu wa lugha Voronezh, kule Urusi, na niliporudi nyumbani niligundua kwamba Kirusi changu kilikuwa na matumizi mawili tu: kumsalimia huyu mama, na kusoma maandishi kwenye makopo yake ya samaki. Basi mchapishaji mmoja wa Saint Petersburg alipotafuta watu wa kutafsiri mkusanyiko wa methali za Kiswahili kwa Kirusi, alipewa jina la huyu mama, naye mama akatoa langu. Mpango ulikuwa rahisi. Mimi nieleze maana, yeye aweke Kirusi kizuri, kisha tunywe chai.

Tulianza na ile ya tembo wanaopigana na nyasi zinazoumia. Nikaeleza. Akatikisa kichwa, akaandika, akanisomea. Kwenye karatasi hakukuwa na tembo. Kulikuwa na msemo wa zamani wa Warusi unaohusu mabwana wanaogombana, huku watumishi wao ndio waking'olewa vishungi vya nywele. Na neno alilotumia kwa mabwana lilikuwa lile wanaloitwa nalo mabwana wa Poland.

"Mama," nikamwuliza, "tembo wameenda wapi?"

"Wamepumzika," akasema. "Maana ni ireire."

"Lakini hawa ni Wapolandi."

"Mwalimu, nisikize. Mrusi akisoma tembo na nyasi, ataona sinema ya wanyama. Akisoma mabwana na vishungi, atashika hapa." Akajigonga kifua. "Methali si ya kuona. Ni ya kushika."

Nikanywa chai. Kufikia wakati kikombe kinaisha, alikuwa amemaliza nyingine kadhaa. Simba wetu anayenyemelea kwa utulivu na kupata nyama alikuwa amegeuzwa mwendesha gari la farasi anayekwenda taratibu na kufika mbali. Samaki wa kukunjwa akiwa bado mbichi alikuwa mti. Fisi aliyeshindwa na njia panda alifutwa kabisa, mahali pake pakawekwa mtu anayefukuza sungura wawili kwa mpigo na kukosa wote. Nilipekua karatasi zote nikitafuta mnyama wetu aliyebaki. Nilimpata mmoja: paka, pamoja na panya wanaofurahia akitoka nyumbani. Na yeye alibaki kwa sababu tu Warusi nao wana paka yuleyule na panya walewale, ila wao panya wao hucheza ngoma.

"Huyu mmetupatia bure," nikasema.

"Huyu ni wa watu wote," akasema.

Nami, ili haki itendeke, niseme nilivyofanya mimi. Nilichukua nusu ya pili ya orodha nikaitafsiri kwa njia yangu, neno kwa neno, kisha nikaweka tanbihi. Ninapenda tanbihi. Mahali ambapo watu wengine wanaona mstari mdogo chini ya ukurasa, mimi naona nafasi. Ile ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu ilinipa shida, kwa sababu neno la Kirusi la jembe ni neno ambalo Mrusi wa leo hulikuta kwenye makumbusho, karibu na mifupa. Nikaandika tanbihi kueleza kwamba jembe letu si la makumbusho. Nikaeleza mpini wake, jinsi linavyoshikwa, tofauti ya jembe la kawaida na jembe la meno, kwa nini mgeni analimishwa badala ya kufagishwa, na ugumu wa udongo wa huku wakati mvua imechelewa. Nilipofika kwenye udongo nikaona umuhimu wa kuweka tanbihi ndani ya tanbihi.

Cucu aliinua ukurasa ule, akautazama kwa mbali kama anayetazama picha ya harusi ya mtu asiyemjua. Methali ilikuwa juu kabisa, mstari mmoja. Chini yake maelezo yalijaa mpaka ukingoni.

"Kofia ndogo," akasema, "na mtu mnene sana."

Mumewe, ambaye wakati wote huu alikuwa akisoma gazeti karibu na dirisha, alicheka mpaka gazeti likatikisika. Alimuunga mkono mkewe. Dakika chache baadaye aliniunga mkono mimi. Ndivyo alivyodumu kwenye ndoa.

Kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, tulituma sampuli ile ilivyo: nusu yake, nusu yangu. Mhariri alitupigia simu ya video. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole mno, ile ya daktari wa meno kabla hajaanza kazi. Alisema amefurahi sana. Akasema tena kwamba amefurahi. Halafu akasema kuwa nusu ya kwanza inasomeka kama maneno ya bibi yake mzaa mama, na nusu ya pili kama kitabu cha kufanyia mtihani, na kwamba msomaji akifika katikati atadhani karatasi za vitabu viwili zimechanganyika kiwandani.

"Chagueni njia moja," akasema. "Yoyote. Lakini moja."

Simu ilipokatika, Cucu alisema, "Umesikia? Bibi yake. Watu wanapenda bibi zao."

"Amesema kama lawama."

"Kwa Kirusi hiyo ni sifa."

Mimi najua Kirusi, na haikuwa sifa. Lakini tulikuwa tumekwama, na tungekuwa tumekwama hadi leo kama si mumewe. Siku chache baadaye alipigiwa simu na rafiki yake wa Nanyuki, mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu mcha Mungu ambaye hununua ng'ombe kote Laikipia na bado humwuliza daktari ushauri kabla ya kutoa shilingi. Katika mazungumzo ya mbuzi na kwato, yule mzee alitaja kwamba kuna kundi la Warusi limefikia kwenye nyumba ya wageni iliyo jirani naye, wamekuja kupanda mlima, na wanabishana kwa sauti tangu wafike.

Daktari akaweka simu chini. "Nyinyi mnabishana Mrusi ataelewa nini," akasema. "Warusi wako Nanyuki. Si muende muwaulize?"

Tukaenda. Pikapu ya daktari ina harufu ya dawa ya kupe ambayo haijawahi kutoka, na Cucu alipakata bakuli kubwa la vitu ambavyo mimi huviita mandazi ya kabichi, ingawa yeye hunisahihisha kila mara. Mimi nilipakata bahasha mbili, yake na yangu. Kuanzia Kiganjo mpaka Naro Moru alinifanyia mazoezi ya jinsi atakavyosoma. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu kabisa, na daktari alisema kwamba wapandaji wale wakiona hivyo watarudi kwao leo leo, tukiwachelewa.

Hawakuwa wamerudi. Tuliwakuta kwenye ukumbi wa kulia chakula, wanaume na wanawake wachache wenye mashavu mekundu, wamekaa katika makundi mawili kwenye meza moja ndefu. Walikuwa na ramani, nayo ilikuwa imevutwa huku na huku mpaka imeraruka kwenye mkunjo. Kiongozi wao alikuwa mwanamume mkubwa mwenye masharubu na kicheko cha kutikisa vijiko. Cucu alipowaamkia kwa Kirusi wote walisimama. Mwanamke wa kwao, mwenye kitambaa kichwani na gamba buti za mpira miguuni, ametokea Nanyuki na bakuli la vyakula vya nyumbani! Walikula kabla hawajauliza tumekuja kufanya nini.

Baadaye ndipo nilipogundua jambo moja la kuchekesha. Cucu akisema Kirusi, kinatoka kizuri kama cha redio, lakini kila baada ya sentensi mbili hupenyeza "ati", na yule msichana aliyekaa karibu naye akawa anamnong'oneza mwenzake kuuliza hilo ni neno la mkoa gani.

Tulieleza shida yetu. Wakafurahi kuwa majaji. Kiongozi akagonga meza kwa ngumi na kusema kikao kimeanza.

Cucu akasoma kwanza. Aliwasomea mabwana na vishungi. Wapandaji wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Hii ni yetu," akasema mmoja mwenye miwani. "Babu yangu alikuwa akiisema kila akitazama habari."

"Ndiyo," akasema Cucu kwa furaha. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa. Lakini Waswahili wanawajua vipi mabwana wa Poland?" Akanigeukia. "Poland iliwahi kutawala Kenya?"

Nikasema hapana. Akaonekana kutoridhika, kama mtu anayeona kuna habari anayofichwa.

Cucu akaendelea. Mwendesha gari la farasi, wakatikisa vichwa. Mti wa kupindwa, wakatikisa vichwa. Sungura wawili, mmoja alimalizia mwenyewe kabla Cucu hajafika mwisho. Nilianza kuona kwamba wanasikiliza kama watu wanaosomewa majina yao wenyewe, wakijibu tu kuthibitisha wapo.

Halafu akafika kwa mgeni. Nilikuwa sijaona aliweka nini mahali pa jembe langu, kwa sababu ukurasa ule alikuwa ameubadilisha jana yake. Alisoma kwa kasi na kwa uhakika, mtu anayesema jambo alilolisikia tangu utotoni. Ulikuwa msemo wao maarufu ambao humlinganisha mgeni asiyealikwa na Mtatari, na katika mlinganisho huo Mtatari ndiye anayeonekana afadhali, lakini kwa kiasi kidogo sana.

Vijiko vyote vikatulia. Wapandaji wote walimtazama kiongozi wao, na kiongozi wao akamtazama Cucu.

"Mimi ni Mtatari," akasema. "Wa Kazan."

Rangi ya Cucu ikawa ile ya bitiruti anayopika supu nayo. Nimemjua miaka mingi, na sijawahi kumwona akikosa neno katika lugha yoyote kati ya zile tatu. Hatimaye alipata moja, na halikuwa la Kirusi.

"Haiya," akasema kwa sauti ndogo.

Yule mwanamume akaweka uma chini taratibu. "Mama yangu," akasema, "msemo huu nimeusikia tangu darasa la kwanza. Nimeusikia jeshini. Nimeusikia kwenye harusi yangu mwenyewe, kwa baba mkwe. Lakini kuvuka bara zima, kufika kwenye ikweta, kukaa chini ya mlima wa Afrika, na kusomewa huo huo, tena kama hekima ya Waafrika!" Masharubu yakaanza kutikisika, na ile sauti kubwa ikapasuka, akacheka mpaka akalia, na wenzake wakacheka kwa sababu sasa walikuwa wameruhusiwa. "Niambie. Waswahili wenyewe wanasemaje?"

Nikamweleza mimi: mgeni anakaribishwa siku za mwanzo, halafu anapewa jembe akalime na wenyeji.

Akafikiria. "Kwetu," akasema, "mgeni hulishwa mpaka aombe msaada. Lakini jembe nalipenda. Mbona hamkutusomea jembe? Mmeacha jembe nyumbani mkatuletea tusi letu wenyewe."

Nilimtazama Cucu kwa huruma, na nikiri, kwa furaha kidogo. Nilijua zamu yangu imefika. Nikafungua bahasha yangu, nikasafisha koo, nikasoma ile ya jembe pamoja na tanbihi yake.

Sijui nisemeje bila kujionea huruma. Nilipofika kwenye mpini, yule mwenye miwani alivua miwani akaifuta. Nilipofika kwenye jembe la meno, mmoja aliyekaa pembeni alikuwa amelala, kweli kabisa, kidevu kifuani. Nilipofika kwenye udongo, yule msichana aliinua mkono akauliza jembe lina uzito gani. Nikasema inategemea. Mwingine akauliza chuma chake kinatoka wapi. Mwingine akasema kwao kijijini kuna kitu kama hicho kwa ajili ya viazi, mwenzake akakataa, akasema hicho ni kitu kingine. Kiongozi akamwita mhudumu na kumwomba, kwa Kiingereza na kwa mikono, kama jembe linapatikana. Likapatikana. Lilitoka bustanini na matope yake. Lilizungushwa mezani, likapimwa mkononi, likapigwa picha na kila mmoja, na yule aliyekuwa amelala akaamshwa ili naye apigwe picha nalo.

Hakuna aliyekumbuka mgeni. Nilisimama na karatasi yangu mkononi nikisikiliza watu wazima wakijadili mpini.

"Hii yangu ilikuwa mbaya," Cucu akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Rakini angalau hawakulala."

Wakati huo huo akaingia mwongozaji wao wa mlimani, kijana wa Nanyuki mwenye kofia ya sufu. Alikuwa na haraka. Aliwaambia lazima waamue sasa, kwa sababu wapagazi wanasubiri: watapandia njia ya Sirimon au ya Naro Moru? Hapo nikaelewa makundi mawili na ramani iliyoraruka. Upande mmoja wa meza ulisema Sirimon, kwa sababu ni kukavu na mwinuko wake ni wa taratibu. Upande wa pili ukasema Naro Moru, kwa sababu ni karibu. Wa Sirimon wakasema kuna tope. Wa Naro Moru wakasema tope halijaua mtu. Mmoja akapendekeza wagawanyike, wakutane juu. Mwingine akapendekeza waanze njia moja, wakiona haifai washuke wakaanze nyingine. Ndipo wakaanza kupiga kelele kwelikweli, na mwongozaji akanitazama mimi, kana kwamba kujua Kirusi kunanifanya niwe wa kulaumiwa.

Cucu alikuwa amekaa akikusanya bakuli lake tupu. Alikuwa amechoka na bado ana aibu, na nadhani hakuwa akifikiria kazi yetu hata kidogo. Akainua kichwa na kusema jambo kwa Kirusi, si kwa sauti kubwa. Alisema habari za fisi. Fisi wetu yule yule aliyemfuta. Njia zake mbili zilikuwamo, na yaliyompata pia, kwa maneno machache kuliko vidole vya mkono mmoja, na la mwisho likagongana na la kwanza kwa kina kizuri kana kwamba lilizaliwa Urusi.

Meza nzima ikalipuka. Kiongozi alipiga ngumi mezani mpaka jembe likaruka. Yule mwenye miwani alimwonyesha kidole aliyetaka kuanza njia moja na kuimalizia nyingine, akamwita fisi, na jina hilo nasikia halikumtoka mpaka waliposhuka mlimani.

"Lakini kwa nini asichague tu?" akauliza yule msichana, akifuta machozi.

Nilivuta pumzi. Nilikuwa na tanbihi nzima juu ya jambo hilo. Kabla sijaitoa, mpandaji aliyekuwa amelala akamjibu. "Kwa sababu pande zote mbili kulikuwa na harufu ya nyama," akasema. "Si unaona?"

Hajawahi kumwona fisi maishani mwake. Nami nilikuwa nimetumia aya mbili kusema hilo hilo.

Walikwenda Sirimon.

Njiani kurudi, tulipopita Naro Moru, Cucu akasema, "Nimetafsiri bira kutaka."

"Rudia tena vile ulivyosema," nikamwambia.

Akarudia. Nikaandika nyuma ya bahasha, kwenye goti, herufi zikirukaruka kwa sababu ya barabara. Fisi alikuwa fisi. Njia zilikuwa mbili. Hapakuwa na sungura, na hapakuwa na maelezo, lakini Mrusi yeyote akisikia angejua kwamba hii ni methali, kwa sababu ilikuwa na umbo la methali: fupi, yenye pigo, iliyoanguka kwa miguu miwili.

"Tatizo si tembo," akasema taratibu. "Mimi niriogopa tembo bure. Tatizo ni kama tembo anaongea kama methali ama anaongea kama mwalimu."

"Asante," nikasema.

"Siyo wewe."

"Ni mimi."

"Ni wewe kidogo."

Basi tulianza upya. Wanyama wote walirudishwa, mmoja mmoja, na nilihisi kama Nuhu. Kila methali ingesimama katika mwili wake wa Kiswahili, lakini kwa Kirusi chenye mdundo, hata kama ingetuchukua siku nzima kupata maneno mawili yanayoimbana. Misemo yake haikutupwa. Ilishushwa chini ya ukurasa, baada ya neno dogo la Kirusi linalomaanisha "linganisha", ili msomaji aone methali ngeni kwanza na ndipo akutane na ndugu yake wa nyumbani. Pale ambapo ndugu hakuwapo, hatukumlazimisha awepo. Ule wa Mtatari hatukuuweka popote. Maelezo yangu niliruhusiwa pale tu ambapo bila hayo mtu angeelewa kinyume, na yasizidi sentensi moja. Jembe, nazi, ugali na vinginevyo vilihamishiwa kwenye orodha ya maneno mwisho wa kitabu, ambako, kama alivyosema Cucu, mtu akienda amekwenda kwa hiari yake.

Haikuwa rahisi. Kwa paka na panya tulimaliza kabla chai haijapoa, tena bila kupigania hata neno. Lakini ile ya haraka na baraka ilitutesa. Kwa Kiswahili utamu wake wote uko kwenye yale maneno mawili yanayofanana, na ukiyatenganisha kinachobaki ni tangazo la barabarani. Warusi pia wana msemo wao kuhusu haraka, lakini hapo adhabu ni nyingine kabisa: anayeharakisha huishia kuchekwa. Cucu alitaka tukubali. Mimi nikasema huyu wa kwetu hachekwi, ananyimwa heri, na hayo ni mambo mawili tofauti. Tuliiacha, tukairudia, tukaiacha tena.

Siku moja nilikuwa jikoni kwake peke yangu nikimsubiri, yeye akiwa shambani anachuma sukuma wiki. Nikasikia anapiga kelele. Nilipochungulia dirishani nikamwona anakuja mbio, sukuma kwapani, gamba buti zikipiga mbwata, akipayuka neno la Kirusi, moja kisha la pili, maana yake heri na pupa, na kweli yalikuwa yakiimbana. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipofika kwenye mteremko wa nyasi karibu na tangi la maji, miguu yake ikatangulia na mwili ukafuata. Alishuka kwa makalio mpaka mlangoni, majani yakiruka juu kama makaribisho ya rais.

Nilikimbia nje. Daktari naye akatoka zizini. Hakuumia. Tulipohakikisha hakuumia tukaanza kucheka, na tulipoanza hatukuweza kuacha, daktari akiwa ameshika mlango, mimi nimeshika sukuma.

Cucu alikaa pale pale kwenye tope, akatutazama mmoja mmoja.

"Mmeona?" akasema. "Hata ya Kirusi ni ya kweli."

Kwa hiyo nayo ikawekwa chini ya ukurasa, baada ya lile neno dogo, na hilo ndilo linganisho pekee katika kitabu kizima ambalo nilisaini kwa moyo wote.

Mhariri alipopokea kazi iliyokamilika alitupigia tena. Safari hii alisema amefurahi mara moja tu, ndipo nikajua anamaanisha. Alisoma ile ya fisi kwa sauti, akacheka peke yake, akaisoma tena. Aliuliza maswali machache ya kweli, ya watu wa kazi: kama mauti wetu awe mwanamke, maana kwao neno hilo ni la kike, kama tuweke alama ya mshangao mahali ambapo Kiswahili hakina. Cucu akajibu, mimi nikajibu, na mara moja tu tulipingana mbele yake. Alingoja kwa adabu mpaka tumalize.

Halafu akatuonyesha jalada.

Lilikuwa zuri. Lilikuwa la rangi ya chungwa, na katikati yake, kutoka chini mpaka juu, alisimama twiga.

Tukatazamana. Kulikuwa na tembo kitabuni, na simba, fisi, samaki, kuku, paka na punda. Twiga hakuwapo. Hakuna ukurasa aliokanyaga. Nilimweleza mhariri hivyo, na akasema, kwa ile sauti ya daktari wa meno, kwamba jalada limekwisha kupitishwa, na kwamba wasomaji wanapenda twiga.

"Haiya," akasema Cucu.

Daktari, aliyekuwa nyuma yetu akitafuta miwani yake, akapendekeza kwamba basi tuitunge moja, nani atajua. Pale pale akaitoa: jambo refu lisilo na kichwa kuhusu twiga, shingo yake na nguo ya jirani iliyoanikwa. Haikuwa na maana yoyote. Mimi nilianza kueleza kwa nini mtu hawezi tu kutunga methali peke yake jikoni na kuisingizia jamii nzima. Nilipofika kwenye hoja ya pili niligundua kwamba Cucu alikuwa ameshaitafsiri. Aliisema kwa Kirusi, ikaruka na kutua vizuri, na kule Saint Petersburg mhariri akaangua kicheko na kusema hiyo ni bora kabisa, mbona hatukumtumia?

Ilinibidi nimkataze. Tuliafikiana jambo moja. Ukifungua kitabu, kwenye ukurasa wa kwanza ndani ya jalada, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna sentensi moja inayosema kwamba twiga wa nje hahusiani na methali zilizomo. Ni tanbihi yangu. Mhariri alisema hajawahi kuona kitabu chenye tanbihi ya jalada, na Cucu akamwambia azoee.